Kimya cha siku ya kwanza kukutana: ukiache, urudi nyuma, au ukitaje?

Salamu zimeisha. Nyumbani wazima, kazi inaendelea, foleni ilikuwa mbaya lakini tumefika salama. Juisi imeletwa. Mmoja anausogeza mrija, mwingine anaitazama simu iliyolala kifudifudi mezani, kisha hakuna anayesema kitu. Watu wawili waliochati miezi miwili bila kukaukiwa wamekaa uso kwa uso, na kimya kimeingia.

Hapo wengi wetu tunakimbilia maneno. Nilikuwa hivyo kwa miaka. Siku niliyokutana kwa mara ya kwanza na mwanaume ambaye shangazi yangu aliniunganisha naye, niliongea karibu nusu saa peke yangu. Nilimweleza ugonjwa wa mama, ugomvi wa wajomba juu ya kiwanja, na bei ya kila nilichonunua wiki ile. Hakuwa ameniuliza hata kimoja. Usiku niliporudi nyumbani nilishtuka kwamba sijui hata wamezaliwa wangapi kwao. Alikuwa mtu mpole, na kila alipovuta pumzi aseme, alikuta nimeshaanza lingine. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimempenda.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili, kwangu na kwa marafiki wanaonisimulia siku zao. Naona ziko njia tatu za kukabili kimya bila kuropoka: kukiacha kipite, kurudi kwenye neno ambalo mwenzako alilisema, au kukitaja waziwazi. Kila moja ina mahali pake, na ikiwekwa pasipo pake inaharibu. Kuna pia uamuzi wa mapema ambao watu huufanya bila kuufikiria, nao ni mkae wapi.

Urefu wake hasa

Kimya hiki ni kifupi kuliko tunavyokisikia mwilini. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, wakapima muda unaopita kati ya swali la mmoja na jibu la mwingine. Kwa wastani ulikuwa kama moja ya tano ya sekunde. Ndiyo maana sekunde moja tu ikipita, kifua kinabana. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwaonyesha watu video ya mazungumzo yenye kimya cha sekunde 4, na hizo 4 zilitosha kuwafanya watazamaji wajisikie kama wametengwa.

Ila kuna utafiti wa mwaka 2023 kutoka Chuo Kikuu cha Dartmouth ambao ulinituliza. Waliwalinganisha wageni na marafiki. Kimya cha zaidi ya sekunde 2 kiliwakosesha raha wageni, lakini kwa marafiki mapengo kama hayo hayakuleta tabu. Mara nyingi yalikuja pamoja na kicheko na kufurahia jambo lililotoka kusemwa. Kwa hiyo kimya chenyewe hakina ubaya wake. Tatizo ni kwamba nyinyi wawili bado hamjajua kinamaanisha nini kwa kila mmoja wenu.

Mimi nakipima kwa pumzi. Pumzi moja taratibu, kuingia puani na kutoka, huchukua kama sekunde 4 au 5. Hicho ndicho kipimo changu hapa chini.

Kabla ya kuchagua, sikiliza neno la mwisho

Kabla hujafanya lolote, jiulize ni neno gani lilisemwa mwisho kabla ya kimya kuingia. Jibu la njia gani ufuate limo humo, mara nyingi.

Nitumie kisa cha rafiki yangu, ambaye aliniruhusu. Yeye ni nesi, mwenyeji wa Tanga. Kijana aliyekutana naye anauza spea za magari Kariakoo, kwao Mafia. Walikutana Jumamosi jioni kwenye mgahawa mmoja mjini, meza ya watu wawili. Baada ya salamu mambo yalikwenda hivi:

"Kazi inakwendaje?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu. Na wewe biashara?"

"Inakwenda, tunapambana."

Kimya.

Hakuna aliyekosea adabu hapo, na hakuna aliyemchoka mwenzake. Kilichotokea ni kwamba maswali yote mawili yalikuwa bado salamu. Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa "nzuri", "salama", "tunapambana", hata kama mtu ametoka kufukuzwa kazi asubuhi hiyo. Ukiuliza kwa umbo la salamu utajibiwa kwa umbo la salamu, na jibu la salamu halina mkia wa kushika. Watu wengi wanadhani kimya cha kwanza ni dalili kwamba hawaendani, kumbe ni kwamba salamu zimekwisha na hakuna aliyefungua mazungumzo.

Kimya cha namna hii ukikiacha hakizai kitu. Kinataka swali lenye umbo jingine. Yule kijana alifikiri kidogo, akauliza, "Zamu ya usiku unaingia saa ngapi?" Akajibiwa, "Saa moja na nusu." Akauliza tena, "Na kufika saa tisa, kumi za usiku, mnafanyaje msisinzie?" Hapo rafiki yangu alicheka, akaanza kueleza chai ya tangawizi wanayoichemsha wodini na mwenzake anayeimba kaswida kwa sauti ya chini ili asilale. Swali la saa tisa usiku huwezi kulijibu "nzuri".

Kukiacha kipite

Njia hii inafaa pale neno la mwisho lilipokuwa lake, na bado halijafika chini. Amejibu kwa ufupi huku macho yake yametazama pembeni au juu. Amesema "Eeh... ilikuwa ngumu kidogo," akanyamaza. Mtu wa namna hiyo hajamaliza. Anachagua aseme kiasi gani mbele ya mgeni.

Hapa ndipo waropokaji tunapoharibu zaidi, kwa sababu tunachukua zamu ambayo si yetu. Mtafiti mmoja wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili madarasani miaka ya 1970. Aligundua kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliokuwa hawajibu kabisa walipungua. Meza ya watu wawili si darasa, lakini kinachotokea ni kilekile: mtu anayetafuta maneno huyapata akiachiwa nafasi.

Yule nesi alipoulizwa kwa nini alichagua kazi hiyo, alisema, "Ni bibi yangu. Aliugua nikiwa kidato cha pili." Akaishia hapo. Kijana hakusema kitu. Alikunywa fundo la juisi, akaiweka glasi polepole, macho yake yakamrudia nesi. Rafiki yangu anasema aliona kama muda umesimama. Halafu akaendelea mwenyewe, akasimulia jinsi alivyojifunza kumgeuza bibi kitandani asipate vidonda, na jinsi nesi mmoja alivyomwonyesha namna ya kuweka mto chini ya visigino. Hayo, aliniambia, hajawahi kumwambia mtu yeyote katika siku ya kwanza.

Kuacha kimya kipite hakumaanishi kukauka kama mti. Mwili lazima useme "nipo". Weka mikono juu ya meza, usiishike simu, na kidevu kiinamie upande wake kidogo. Neno moja linaruhusiwa, nalo tunalo zuri sana katika Kiswahili: "Enhe?" likipandishwa mwishoni. "Enhe" humwachia zamu yake mikononi. Lilinganishe na "haya", ambalo wengi tunalitoa bila kufikiri pale tunapoona aibu. "Haya" na "ndiyo hivyo" ni maneno ya kufungia. Ukimwambia mtu "haya, haya basi" katikati ya kimya, anasikia kwamba unataka kuondoka, na ataanza kutafuta mkoba wake.

Mipaka ya njia hii ni pumzi mbili. Zikipita mbili na macho yake bado yako kwako yanangoja, basi alikuwa amemaliza, na zamu ni yako. Ukiendelea kukaa kimya hapo utaonekana unampima, na mtu anayehisi anapimwa hujifunga. Pia usiitumie kwa mtu aliyetoka kusema jambo zito kuhusu msiba au maradhi bila kwanza kumpa "pole". Pole kwanza, kisha kimya. Kwetu kimya kisicho na pole husomeka kama moyo mgumu.

Kurudi kwenye neno lake

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi, na kama utajifunza moja tu, iwe hii. Inafaa pale mada ilipokufa kifo cha kawaida: mmecheka, mmemaliza, hakuna aliyebaki na neno. Mropokaji hapo huruka kwenye mada mpya kabisa, mpira, bei ya mafuta, jamaa aliyemwona barabarani. Anayerudi nyuma huokota kitu kidogo ambacho mwenzake alikitaja akapita.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2017 kazi inayohusu maswali katika mazungumzo, pamoja na yale ya wanaotafuta wachumba kwa kukutana dakika chache. Waliouliza maswali ya kufuatilia, yaani yanayotokana na kile ambacho mwenzao ametoka kusema, walipendwa zaidi, na uwezekano wa kukubaliwa kukutana tena ulikuwa mkubwa zaidi kwao. Haishangazi. Swali la kufuatilia ni ushahidi kwamba ulikuwa unasikiliza, na anayepanga kichwani atakalosema baadaye hana ushahidi huo.

Kwa hiyo kazi ya njia hii huanza kabla ya kimya. Mwenzako anapoongea, shika vitu viwili tu, viweke akilini. Yule kijana alishika chai ya tangawizi na kaswida. Kimya kilipoingia tena, baada ya chakula kuletwa na kusifiwa, alisema, "Huyo mwenzako anayeimba, wagonjwa hawaamki?" Wakaingia kwenye habari ya mzee mmoja aliyekuwa akiamka makusudi aje kuomba wimbo. Rafiki yangu naye baadaye alishika neno "Mafia" na "kaka mkubwa", akauliza kama kaka bado anavua. Hakuna kati yao aliyehitaji mada mpya kwa zaidi ya nusu saa.

Ikikosea, njia hii hugeuka mahojiano. Utajua hivi: umeuliza maswali matatu mfululizo na yeye hajauliza hata moja, na majibu yake yanafupika. Dawa ni kuweka kitu chako kidogo kabla ya swali linalofuata, sentensi moja au mbili, si hadithi. "Mimi zamu ya usiku nisingeiweza, saa nne nishalala. Wewe ulizoeaje?" Dalili nyingine ya kuropoka inayojificha ndani ya maswali ni kujijibu mwenyewe: "Unapenda samaki? Au kuku? Mi naona kuku, maana samaki wa hapa..." Ukijisikia umefika kwenye "au" ya pili, funga mdomo. Swali limeshatosha.

Kukitaja

Njia ya tatu ni ya nguvu zaidi, kwa hiyo itumie mara moja tu katika mkutano, au usiitumie kabisa. Inafaa pale kimya kimerudi mara ya pili au ya tatu, wote wawili mmekiona, na mmeshaanza kucheka kwa aibu au kusoma menyu iliyokwisha kusomwa. Hapo kujifanya hakipo ndiko kunakokipa uzito.

Taja hali yako, usitaje yake. "Mimi siku ya kwanza huwa mzito, nikizoea nafunguka." Hiyo ni kweli, ni fupi, na inampa ruhusa yeye naye aseme kwamba ana wasiwasi. Yule rafiki yangu alisema, "Kwenye simu tuliongea sana, leo nakuona naona aibu." Kijana akajibu kwamba amebadilisha shati mara tatu kabla ya kutoka. Mabega yakashuka pande zote mbili.

Kinachoharibu ni kukitaja kwa njia ya kumshtaki. "Mbona kimya?" "Mbona huongei?" Maneno haya tunayasema kwa nia njema, lakini fikiria jibu lake. Ni "hamna kitu" au "niko poa tu", na baada ya hapo kimya kinakuwa mara mbili, sasa kikiwa na lawama ndani yake. Kwa mtu mwenye haya ni kama kumwashia taa usoni. Namwomba kila anayesoma hapa aliache hilo swali kabisa siku ya kwanza.

Na ukiwa umekwenda kutambulishwa ukweni, mbele ya wazee, njia hii usiiguse. Pale kimya chako ni heshima, na wenye kazi ya kukivunja ni wenyeji.

Kama mnakutana kwa mara ya kwanza kwa simu ya video, mambo yanageuka. Mtandao huchelewesha sauti, na kimya cha pumzi moja husomeka kama simu imekatika, mtaishia kwenye "unanisikia?" Huko rudi kwenye neno lake mapema, wala usingoje.

Meza au matembezi

Sasa ule uamuzi wa mapema. Mezani mmekabiliana, macho hayana pa kwenda. Kila yanapohama, mwenzako anaona yamehama. Kwa hiyo kimya cha pumzi moja mezani ni kizito kuliko kimya cha pumzi tatu mkiwa mnatembea bega kwa bega. Watu wanaojijua kuwa wanaropoka wakiwa na woga wangefaidika zaidi kwa kuchagua mahali kuliko kwa kukariri maswali.

Pale Coco Beach jioni, kwa mfano, mnanunua mihogo ya kukaanga, inapakwa pilipili na chumvi, mnasimama au mnatembea mkiitazama bahari. Mikono ina kazi, midomo ina kazi, na mbele yenu kuna watoto wanaocheza mpira kwenye mchanga. Kimya kikiingia kina sababu. Neno linalofuata linakuja lenyewe kutoka kwenye kile mnachokiona wote wawili, na halihitaji kuchimbwa. Forodhani kule Unguja pako vivyo hivyo, na Mama Ngina Mombasa.

Meza nayo ina faida zake. Kuna utulivu wa kusikilizana, na mambo kama yale ya bibi hayasemwi kwa urahisi mbele ya muuza mihogo na bodaboda zinazopiga honi. Kwa mwanamke anayekutana na mtu asiyemjua, mgahawa wenye watu na taa una usalama ambao ufukwe giza likishaingia hauna. Mwenye kutaka vyote viwili achague meza ya kona na wakae pande zinazopakana badala ya kukabiliana. Macho yanapata mlango wa kutokea, na sauti bado inasikika. Au muanze kwa matembezi kungali mchana, mkishapata la kuongea ndipo mkae.

Kwa hiyo kama wewe ni mropokaji na mwenzako ni mpole, ningekuchagulia matembezi kwanza, kukiacha kipite pumzi moja kila mara, na kurudi nyuma. Kama wote wawili ni wapole, kukiacha hakutawasaidia sana, mtakaa tu. Nyinyi mnahitaji vile vitu viwili vilivyoshikwa akilini, na ile sentensi moja ya kukitaja ikae tayari. Na kama mwenzako ndiye anayeropoka, usishindane naye. Pokea kwa "enhe", mwache ashuke. Akiona kimya chako si cha hukumu, mwendo wake hupungua wenyewe.

Kimya ambacho si cha kutibiwa

Kuna kimya kinachomaanisha mtu amekwisha, na kukifanyia njia zote tatu ni kumsumbua. Miguu yake imeelekea mlangoni. Mkoba umehamia mapajani. Majibu ni ya neno moja hata kwa maswali yasiyo na umbo la salamu, na wewe hajakuuliza kitu tangu chakula kilipofika. Amesema "haya" mara mbili. Ukiona matatu kati ya hayo kwa pamoja, omba bili kwa upole. Hapa usingoje pumzi.

Kwa rafiki yangu haikuwa hivyo. Walikaa mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Nje, wakisubiri bajaji yake ifike, hawakusema kitu kwa muda ambao yeye hakuuhesabu. Taa ya bajaji ilipoonekana akasema, "Haya. Jumapili ijayo sina zamu." Kijana akamwambia atampigia Jumatano, na Jumatano akapiga.